Mama wa stoo amenichunia wiki ya tano sasa

*Nafanya kazi kwa muuzaji wa jumla wa pembejeo hapa Kisumu, upande wa oda na invoisi. Mwezi uliopita kompyuta ilionyesha magunia 52 ya CAN na stoo kulikuwa na 40, nikauliza tu kwenye grupu yetu ya WhatsApp, "Mama, magunia 12 yameenda wapi?" Baadaye ikaonekana yalitoka na lori la Luanda na hayakuwa yameingizwa. Tangu siku hiyo mama wa stoo hanisalimii. Nikiingia anasema "polisi wa hesabu wamefika." Nikimwuliza kitu anamwambia kijana wa kupakia anijibu. Saa ya chai anamimina ya kila mtu, akinifikia anaweka chupa chini. Nimemwuliza mara mbili kama ana shida na mimi, akasema hana shida na mtu. Ana umri wa kunizaa. Nimjibu vipi bila kuwasha moto? – Wa Kisumu*

Dada, nianze na kale kaneno "tu" kwenye "nikauliza tu." Ndiko kalikonifanya nisome barua yako mara ya pili. Mtunza stoo yeyote, awe wa mbolea, wa simiti au wa dawa, akisikia "yameenda wapi" mbele ya bosi hasikii swali la hesabu. Anasikia "umeiba." Mali ikikosekana, wa kwanza kuangaliwa ni mwenye funguo. Si heshima yake tu iliyo hatarini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Magunia kumi na mawili ya mbolea ni pesa ambayo mtu wa mshahara wa stoo hawezi kuitazama bila kutetemeka. Na wewe ulianza na "Mama," mbele ya wafanyakazi wote na meneja. Neno la heshima likitangulia shutuma halipunguzi makali yake, linayaongeza, kwa sababu kila aliyesoma alikumbuka kwamba aliyeulizwa ni mtu mzima na aliyeuliza ni mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja. Yale magunia "hayakuwa yameingizwa." Yaingizwe na nani? Kama deliveri noti za lori hupita mezani kwako kabla ya kuingia kwenye kompyuta, basi kadi yake ya stoo ilikuwa sahihi tangu mwanzo, 40 kwa 40, na kosa lilikuwa upande wako. Siwezi kulijua hilo nikiwa huku, wewe unalijua. Lifikirie vizuri kabla hujafika nusu ya jibu hili, kwa maana mazungumzo nitakayokupangia hapa chini yanategemea jibu lake.

Sisemi kwamba anavyokufanyia ni haki. Wiki tano za kununa zimepita kiasi, na kutumia kijana wa kupakia kama simu ya kati ni kumwonea huyo kijana pia. Ila ukitaka kumjibu bila kuwasha moto, lazima ujue anachokisema kwa huo ukimya, na mimi nasoma hivi: "Uliniita mwizi hadharani, na hakuna aliyesimama hadharani kusema sikuiba."

Mbona hasemi, basi? Hii tabia ya kupinga kwa pembeni ilipewa jina rasmi, "passive-aggressive", mwaka 1945, katika waraka wa madaktari wa jeshi la Marekani ulioongozwa na daktari wa akili William Menninger. Waliona askari ambao hawakuwa wakikataa amri waziwazi, maana kukataa kungewapeleka jela. Wao walinuna, walichelewesha, walifanya kazi nusu nusu, waliziba masikio. Hilo ndilo ninalotaka ulichukue kutoka kwenye historia hiyo: hasira hupita pembeni pale ambapo mlango wa mbele umefungwa. Mama wa stoo hangeweza kukujibu kwenye grupu, meneja alikuwa akisoma. Kukufuata mezani na kukufokea ingekuwa kugombana na mtoto. Akabaki na vile vitu viwili ambavyo hakuna sheria ya ofisi inayovikataza: mdomo uliofumbwa na fumbo. Kwa hiyo usiende ukimwambia mtu kwamba ana ugonjwa fulani wa tabia. Jina hilo halihesabiwi tena kuwa ugonjwa, na hapa lingekuwa tusi jingine.

Sasa kuhusu wewe. Umeandika mwishoni mwa barua, sehemu ambayo sikuichapisha, kwamba tumbo linakukata kila asubuhi ukishuka kwenye matatu, na unajiona mjinga kuumizwa na chupa ya chai. Si ujinga. Mtafiti Kipling Williams alikuwa ameketi kwenye bustani siku moja, kisahani cha kuchezea kikaanguka karibu naye, akawarushia wenyewe. Wakamrudishia, wakacheza naye kidogo, kisha wakaacha kumrushia bila neno. Alishangaa jinsi alivyoumia, na watu wenyewe hakuwajua. Kutokana na hapo akatengeneza mchezo wa mpira wa kompyuta wa kupimia jambo hilo, na mwaka 2004 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba watu huumia hata wakiambiwa wazi kwamba wanaowanyima mpira si binadamu bali ni kompyuta. Mwili hauulizi kama anayekutenga ana maana. Shida ni kile ambacho mwili unakusukuma kufanya baada ya hapo: ama kubembeleza, ama kulipuka. Nimeona watu wengi wakifanya vyote viwili kwa zamu, Jumatatu wananunua mandazi ya kila mtu, Alhamisi wanapiga meza. Vyote viwili vinamwambia anayenuna kwamba kununa kunafanya kazi.

Swali lako la "una shida na mimi?" liko kwenye kundi la kubembeleza, hata kama ulilitoa kwa ukali. Angalia lilivyo. Linauliza habari ya moyo wake, na moyo wake hakuna anayeuona ila yeye. Akisema "sina shida na mtu," umekwama, huna cha kushika. Na nina hakika baada ya kusema hivyo alikuangalia kana kwamba wewe ndiye mwenye matatizo. Kijembe na ukimya vinaishi kwa nguvu hiyo ya kukana: "Mimi? Nimesema nini?" Ukiuliza juu ya nia, umempa mlango wa nyuma. Uliza juu ya tukio, lenye siku, lenye saa, lenye karatasi, mlango huo haupo.

Tuanze na vijembe, maana hivyo vinakuja kila siku na mazungumzo yanahitaji kungoja.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Wewe umeshaling'amua, na hapo ndipo mtego ulipo: ukionyesha kwamba umelielewa, umelipokea. "Polisi wa hesabu wamefika" halitaki jibu. Sema "Habari za asubuhi, Mama," kwa sauti ile ile ungemsalimia nayo mwezi mmoja kabla ya haya yote, na uendelee na kilichokupeleka stoo. Usicheke kicheko cha kulazimisha. Usiseme "ha, leo sijakuja kukamata mtu," kwani hicho ni kijembe chako, na ukishaingia kwenye mchezo huo umekubali sheria zake. Mimi niliingia. Nilikuwa kijana, kwenye ofisi moja Nakuru, mwenzangu akinirushia fumbo asubuhi mimi nikimrudishia mchana, na nilikuwa na ulimi mzuri kuliko wake. Nilishinda kila siku kwa miezi mitatu. Mwisho wa miezi hiyo fomu zangu zilikuwa za mwisho kwenye trei yake kila wiki, na ofisi nzima ilikuwa imegawanyika kati ya wanaocheka upande wangu na wanaonuna upande wake.

Kuna kijembe cha aina ya pili, kilichobeba kazi ndani yake. Siku atakayosema hewani, "Wengine wanajua stoo kuliko walio stoo," kuna dai humo: kwamba umeandika kitu bila kumwuliza. Hicho usikipishe. Toa mfupa wa kazi, uache nyama ya maneno. "Mama, kuna kitu kwenye oda ya jana hakiko sawa? Nionyeshe nirekebishe kabla lori halijapakia." Halafu nyamaza. Kama kuna kosa la kweli, atalisema, na mtakuwa mmezungumza kazi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano. Kama hakuna, atasema "hakuna," na kijembe kitakuwa kimekosa pa kutua. Maneno hayo hayo yakisemwa kwa jicho la pembeni au kwa sauti ya kuvuta yanageuka kijembe kibaya kuliko chake. Ukijiona huwezi kuyasema kwa sauti ya kawaida siku hiyo, acha, sema "sawa" na utoke. Kesho ipo.

Aina ya tatu ni ile inayogusa kabila lako, ndoa yako au mwili wako. Hujaniandikia kuhusu hiyo, nami naipita haraka: hicho si kijembe tena. Mwambie papo hapo, bila kelele, "Hilo usiniambie tena," uandike siku na waliosikia, na ukirudiwa umpelekee meneja. Unyanyasaji kwa sababu ya kabila unagusa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na ule wa kijinsia uko kwenye kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira, kinachomtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera yake.

Turudi kwenye ukimya. Huku kwetu salamu ni kitu kizito, mtu akikupita bila kukushika mkono kijiji kizima kinajua kuna jambo. Ndiyo maana kuacha kumsalimia "kwa vile yeye hanisalimii" ndilo kosa la kwanza ambalo watu hufanya, na hapo wanakuwa wawili wanaonuna, na hakuna anayekumbuka aliyeanza. Msalimie mara moja kila asubuhi, kwa jina unalomwita siku zote. Usisimame ukingoja. Usirudie kwa sauti ya juu ili wengine wasikie kwamba amekataa kujibu. Hiyo si salamu, ni kumshtaki kwa majirani.

Kijana wa kupakia mtoe katikati. Mama akimwambia "mwambie magunia ni thelathini," wewe mwangalie Mama mwenyewe useme, "Asante, Mama, thelathini, nimeandika." Kijana usimtumie kurudisha ujumbe, hata ukiwa na haraka. Na wale wengine watakaokuja mezani kwako na "unajua jana ulipotoka alisema nini?" waambie hujauliza. Watakuona unajidai. Wakuone.

Kazi yenyewe ndiyo inayohitaji akili zaidi, kwa sababu ukimya wa stoo unaweza kukuletea hasara ya kweli. Akiwa hajibu ujumbe, usitume wa pili na wa tatu wenye alama za kuuliza. Tuma mmoja ulioandikwa hivi: "Mama, oda ya Bondo inatoka saa nne. Naona DAP 30 na mbegu pakiti 60 kwenye kompyuta. Kama ni tofauti naomba unijulishe kabla ya saa tatu, nitaandika hivyo kwenye invoisi." Hapo ukimya wake una maana inayojulikana, na hamgombani kuhusu nani hakujibu nani. Lakini njia hiyo ina mpaka, tafadhali uushike: itumie kwa vitu ambavyo ukikosea vinarekebishika. Tarehe ya kuisha kwa dawa ya kunyunyizia, mzigo uliorudishwa, pesa taslimu, hivyo usiviandike kwa kukisia eti mtu amenuna. Nenda stoo kwa miguu, usimame mbele yake na uulize. Kwa swali la namna hiyo, wengi walionuna hujibu, maana wanajua kadi ina sahihi yao.

Sasa mazungumzo. Usiyaombe kwa ujumbe wa "Mama naomba tuongee," kwa sababu atakaa na ujumbe huo usiku kucha akijenga ukuta. Chagua saa. Si asubuhi lori likipakiwa, si saa ya chai, wala si wiki ya mwisho wa mwezi stoo ikihesabiwa. Mchana baada ya chakula, lori limeshaondoka, vijana wako nje, yeye amekaa kwenye kile kiti chake anajaza kadi. Nenda kwake, usimwite mezani kwako. Kaa chini, hata kama ni juu ya gunia, usimsimamie kichwani. Dakika kumi zinatosha, na tano kati yake ziwe zake.

Anza na kosa lako, na liwe moja, lenye tarehe. Kwa mfano:

"Mama, nimekuja kuhusu ile Ijumaa ya magunia ya CAN. Nilikuuliza kwenye grupu mbele ya watu. Nilipaswa kuja hapa stoo kwanza niangalie kadi yako. Niliandika kana kwamba ni wewe uliyepoteza, na haikuwa hivyo. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Kama deliveri noti ilikwama mezani kwako, ongeza sentensi moja: "Na ile karatasi ya Luanda ilikuwa kwangu, mimi ndiye sikuiingiza." Usiibadilishe iwe "haikuingizwa." Tazama pia lisilokuwepo: hakuna "kama nilikukosea," hakuna "sikukusudia," hakuna "lakini na wewe." Neno "kama" kwenye msamaha linamrudishia aliyekosewa kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Na "sikukusudia" ni kujitetea kabla hujashtakiwa.

Kisha funga mdomo. Hapa ndipo wengi huharibu. Kimya kitakaa sekunde kumi, ishirini, nawe utataka kukijaza na maelezo. Kiache. Inawezekana atasema "yaliisha hayo." Inawezekana atayamwaga yote, na ya miaka miwili iliyopita ambayo huyajui, jinsi ulivyoajiriwa na ukapewa kompyuta na yeye hakupewa. Sikiliza. Usisahihishe tarehe. Kuna mama mmoja niliyemsikiliza zamani aliyekuwa amenuna miezi saba, na nilipopata kiini chake, ilikuwa barua ya shukrani iliyosomwa kwenye mkutano na jina lake likarukwa. Aliyemnunia hakuwa hata ameiandika yeye.

Akishamaliza, peleka ombi moja la kazi, si la moyo. Usimwombe akupende wala akusalimie. "Mama, Jumanne oda ya Bondo ilichelewa saa moja kwa sababu nilikuwa nangoja hesabu na sikuipata. Naomba hesabu za asubuhi unipe wewe mwenyewe, kwa mdomo au kwenye kikaratasi, vyovyote unavyoona rahisi. Nami nikiona tofauti yoyote nitakuja hapa kwanza, sitaandika kwenye grupu." Unaomba kitu kimoja na unatoa kitu kimoja. Hicho unachotoa ndicho alichokuwa akikitafuta wiki tano: hakikisho kwamba haitatokea tena mbele ya meneja.

Akikana? Akikuambia tena "mimi sina shida na mtu"? Usimbishie. Usimwambie "Mama, kila mtu anaona." Mchukue kwa neno lake: "Nashukuru kusikia hivyo, Mama. Basi tuendelee na hesabu za asubuhi kama zamani." Amesema hana shida, na wewe umempokea kama mtu asiye na shida. Kesho akimpa kijana ujumbe, atakuwa anapingana na maneno yake mwenyewe, na hilo litamsumbua yeye kuliko wewe. Msamaha wako nao usiurudishe mfukoni kwa sababu hakuupokea kwa mikono miwili.

Kuna mahali msamaha wa faragha hautoshi. Aibu ilikuwa ya hadharani, na faraghani huwezi kuifuta yote. Siku hiyo hiyo au kesho yake, andika kwenye grupu ile ile mstari mmoja mkavu, usio na emoji za mikono iliyokunjwa: "Kuhusu CAN ya tarehe ile: kadi ya stoo ilikuwa sahihi, magunia 12 yalitoka na lori la Luanda na yalikuwa hayajaingizwa kwenye kompyuta." Kama kosa la kuingiza ni lako, andika "sikuwa nimeyaingiza." Usitaje kwamba mmeongea. Usiandike "mimi na Mama tuko sawa sasa," kwani hamjawa sawa bado, na anayetangaza upatanisho ambao mwenzake hajautangaza anatafuta sifa. Meneja ataelewa, naye Mama atauona mstari huo, hata kama alama za bluu zitachelewa.

Baada ya hapo usitazamie jua kutoka siku ya pili. Kwa ninavyoona, watu wa umri wake hurudi kwa kazi kwanza, salamu baadaye. Utaona hesabu zinakuja mapema. Utaona kikaratasi kimeachwa mezani kwako bila neno. Baada ya wiki mbili tatu huenda akakujibu "nzuri" bila kukuangalia. Na kabla ya hapo karibu kila mara huja kijembe kimoja kikubwa, kikubwa kuliko vya mwanzo, mbele ya watu. Hicho ni kipimo: anataka kujua kama msamaha ulikuwa wa kweli au ulikuwa mbinu. Kipitishe kama vile vingine. Ukikosa subira kwenye hicho, wiki zote zimepotea.

Na kama mwezi utapita na hesabu bado hazifiki? Hapo anza daftari, la karatasi, likae nyumbani. Andika tarehe, kilichotokea na kilichoharibika kwenye kazi, basi. "Jumatano, oda ya Ahero, niliuliza saa mbili na robo, sikujibiwa, lori lilitoka na magunia pungufu matano, mteja alipiga simu." Usiandike "ananichukia," usiandike "alinitazama vibaya." Ukiwa na matatu au manne ya namna hiyo nenda kwa meneja, na usimwombe amwadhibu. Mwombe utaratibu: kila oda iwe na fomu ya hesabu yenye sahihi ya stoo na ya oda kabla ya saa tatu. Mtu akinuna mbele ya fomu, fomu haisikii, na ikikosa sahihi meneja anaona mwenyewe ni ya nani.

Nakuonya usiende ukiota kwamba atafukuzwa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinataja lugha ya matusi kama kosa kubwa, lakini kinazungumzia matusi kwa mwajiri au kwa aliyewekwa juu ya mfanyakazi na mwajiri. Wewe si msimamizi wake, na kununa si tusi. Akikataa kazi yenyewe, hilo ni jambo jingine, na hata hapo kifungu cha 41 kinataka asikilizwe kwanza kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Siku ya kusikilizwa, kitu cha kwanza atakachofungua kwenye simu yake ni ule ujumbe wako wa magunia kumi na mawili.

Umeniuliza pia, pembeni, kuhusu chai: unyamaze, uache kunywa, au umwambie. Usiache kunywa, wenzako watakuona umekwenda kununa mezani. Wala usimwambie, maana hakuna sentensi juu ya chai ambayo haisikiki kitoto. Chupa akiiweka chini, inyanyue, umwongezee aliye karibu nawe, kisha ujimiminie yako, na uiweke pale pale alipoiweka, mkono wake unapofika.